Saa Kumi na Mbili na Dakika 25

Katika orodha ya matokeo ya marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968, John Stephen Akhwari wa Tanzania amepewa mstari mmoja: nafasi ya 57, muda saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Mwandishi wa habari aliyepewa mstari huo na maelezo machache ya pembeni angetoa aya inayofanana na hii:

"Mwanariadha wa Tanzania, John Stephen Akhwari, ameshika nafasi ya 57 katika mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki zilizofanyika Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Akhwari, aliyeumia baada ya kuanguka njiani, alitumia saa 3:25:27. Mshindi ni Mamo Wolde wa Ethiopia aliyetumia saa 2:20:26. Wakimbiaji 75 walianza na 57 walimaliza."

Aya hiyo haina kosa. Imeanza na jambo kubwa, ndogo zikafuata, na mhariri akibanwa na nafasi anaweza kukata sentensi ya mwisho bila kuharibu kitu. Tatizo lake ni kwamba msomaji akishaijua nafasi ya 57, hana tena sababu ya kuendelea. Habari yote imemwagwa mlangoni.

Kisa hiki kimesimuliwa upya mara nyingi tangu wakati huo, na kila msimulizi ameongeza chumvi yake. Ndiyo maana kinafaa kuchambuliwa: je, aya ile kavu inaweza kugeuzwa simulizi yenye uhai bila kuongeza hata punje moja ambayo haikutokea? Hili ni jaribio, lililoandikwa kwa ajili ya safu hii:

"Saa kumi na moja na dakika 20 jioni, Mamo Wolde wa Ethiopia alivuka mstari, na marathoni ya Mexico City ikapata bingwa. Dakika tatu baadaye aliingia Kenji Kimihara wa Japani. Sekunde 14 nyuma yake, Mike Ryan wa New Zealand. Medali zote tatu zilikuwa zimepata wenyewe. Mtanzania John Stephen Akhwari alikuwa bado barabarani, na angebaki huko kwa zaidi ya saa nzima.

"Walioanza saa tisa alasiri walikuwa 75. Mmoja wao, Abebe Bikila, alishinda Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964. Safari hii, akiwa na jeraha la mguu, alitoka kabla ya nusu ya njia. Wengine 17 nao hawakufika. Akhwari, kwa maelezo yanayotolewa kila kisa hiki kinaposimuliwa, alianguka katika msukumano wa wakimbiaji karibu na kilomita ya 19, akaumia goti na bega. Mbele yake zilikuwa zimebaki kilomita 23.

"Saa kumi na mbili na dakika 25, mguu ukiwa umefungwa bendeji, alivuka mstari. Wa 57. Nyuma yake hakukuwa na mtu."

Kitu cha kwanza kilichobadilika ni saa. Orodha ya matokeo inatoa muda uliotumika tu. Mbio zilianza saa tisa alasiri; ukijumlisha saa mbili na dakika 20 za Wolde unapata saa kumi na moja na dakika 20, na kwa Akhwari unapata saa kumi na mbili na dakika 25. Ni hesabu ya darasa la tatu, lakini inageuza takwimu kuwa jioni. Msomaji hajui 3:25:27 inafananaje. Saa kumi na mbili na dakika 25 anaijua, kwa sababu kila siku huiishi. Hesabu ya namna hii si ubunifu, ila ina sharti lake: lazima mwandishi awe na hakika ya saa ya kuanzia. Asipokuwa nayo, abaki na tofauti kati ya wakimbiaji wawili, yaani saa moja, dakika tano na sekunde moja, ambayo ni kweli hata kama mbio zilichelewa kuanza.

Cha pili ni mpangilio. Habari ilianza na Akhwari; simulizi imeanza na Wolde. Mashindano yanakwisha katika sentensi ya kwanza, medali zinagawiwa, ndipo msomaji anaambiwa kuna mtu bado yuko njiani. Mvuto wote umo hapo, na hakuna neno lililoongezwa kuuleta. Hakuna aliyeambiwa kwamba Akhwari "aliuma meno" au "aliwaza kuhusu bendera ya nchi yake". Kilichofanyika ni kuweka tukio la saa kumi na moja mbele ya tukio la saa tisa, kisha kurudi nyuma.

Bikila naye ametoka kwenye kumbukumbu zilezile, kwenye orodha ya wasiomaliza. Kumtaja kunampa msomaji kipimo: njia iliyomshinda bingwa wa Olimpiki mbili ndiyo iliyomalizwa na mtu aliyeumia. Lakini kipimo hicho kina hatari, na ndiyo maana maneno "akiwa na jeraha la mguu" hayawezi kukatwa. Yakikatwa, kila sentensi itabaki kweli, huku aya nzima ikimsingizia Bikila kwamba alikata tamaa. Uongo mwingi katika makala za namna hii huingia kwa mlango huo: kweli mbili zinawekwa bega kwa bega, ya tatu inaachwa nje.

Sarufi ya Kiswahili inaongeza mtego wake. Msimulizi yeyote mzuri ataandika "akaanguka, akainuka, akaendelea". Inasikika vizuri, imeshikana kama hadithi ya jioni. Lakini kila "-ka-" inadai jambo: kwamba hili lilifuata lile, na msomaji huelekea kudhani kwamba hakuna kilichopita katikati. Akhwari alilala chini kwa muda gani? Bendeji alifungwa papo hapo, au baada ya kwenda umbali fulani? Mwenye orodha ya matokeo mkononi hana majibu hayo. Ndiyo sababu simulizi yetu imesema "mguu ukiwa umefungwa bendeji", hali inayoonekana kwenye filamu za siku ile alipokuwa akimalizia, badala ya "akafungwa bendeji, akaendelea", ambayo ni madai kuhusu mfuatano wa matukio. Katika "akaumia goti na bega" tumeiacha "-ka-" kwa kuwa kuumia kulitokana na kuanguka.

Vitenzi vya mwendo navyo vipimwe hivyohivyo. "Alichechemea" linaruhusiwa kwa aliyeitazama filamu, kwa sababu ni jambo la kuonekana kwa macho. "Alijikaza" tayari limeingia moyoni mwa mtu, na huko hakuna kamera.

Tuje kwenye giza. Simulizi nyingi za kisa hiki zinasema uwanja ulikuwa gizani, na wengine huandika "usiku wa manane", maana maneno hayo huja yenyewe kalamu ikishapata moto. Giza linaweza kukaguliwa. Katika Mexico City, jua la tarehe 20 Oktoba huzama takribani dakika kumi baada ya saa kumi na mbili jioni. Akhwari, kwa hesabu yetu, alifika kama robo saa baadaye. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, hilo ni kweli. Lakini ule ulikuwa muda wa magharibi, mwanga wa mwisho ukiwa bado haujatoka angani. Kuandika "jua lilikuwa limezama" ni halali. Kuandika "katika giza totoro" ni kumwongezea mtu usiku ambao hakuupitia. Na kwa kweli magharibi inapendeza zaidi kuisoma, kwa sababu ni mahususi.

Sasa ile kauli. Karibu kila Mtanzania aliyesoma habari za michezo anaijua: alipoulizwa kwa nini aliendelea, Akhwari anasemekana kujibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 aje kuanza mbio, bali amalize. Ni kauli nzito, na mwandishi anayeiacha nje ataulizwa na mhariri ana matatizo gani. Ila chukua ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 15,000, yaani karibu maili 9,500. Tarakimu iliyo ndani ya kauli ni kama nusu ya umbali halisi, na katika matoleo mengine ya kisa hichohicho tarakimu hubadilika.

Hilo halithibitishi kwamba Akhwari hakusema maneno hayo. Mtu aliyetoka kukimbia saa tatu na nusu hatarajiwi kuwa na vipimo vya jiografia kichwani. Linaonyesha tu kwamba maneno yamepita mikono mingi, na kwamba alama za kunukuu zingeahidi uhakika zaidi ya uliopo. Njia salama ni kueleza kiini cha jibu, kusema kwamba ndivyo linavyosimuliwa, na kuacha maili nje. Jaribio letu liliiacha kauli yote, kwa kuwa sentensi ya mwisho ilikuwa imekwisha kubeba uzito wake.

Waandishi wakubwa wamejikwaa hapohapo penye mwisho. Mmarekani Truman Capote alianzia kwenye habari fupi ya gazeti ya Novemba 1959 kuhusu mauaji ya familia ya Clutter, watu wanne, katika kijiji cha Holcomb, Kansas. Miaka iliyofuata aliifanya kitabu, akidai kwamba kila kilichomo ni kweli. Ukurasa wa mwisho unaonyesha mpelelezi akikutana makaburini na rafiki wa msichana aliyeuawa. Mkutano huo haukutokea. Capote alikuwa na nyaraka na mahojiano mengi kuliko waandishi wengi, lakini matukio yenyewe hayakumpa mwisho mtulivu, akautunga.

Kwa mhariri anayepokea makala ya aina hii, ukaguzi unafanyika kwa penseli. Kila kipande cha sentensi kinaandikiwa pembeni kilikotoka: matokeo, hesabu, filamu, masimulizi. "Wengine 17" ni hesabu, 75 kutoa 57 ni 18, kisha Bikila anaondolewa. "Bendeji" ni filamu. "Kilomita ya 19" ni masimulizi, hivyo imebeba maneno "kwa maelezo yanayotolewa". Mwinuko wa jiji, mita 2,240 hivi, ungeweza kuingia kama kweli ya kijiografia. Kusema kwamba ndio uliomkaza Akhwari misuli ni dai la kitabibu linalohitaji mtu wa kulisimamia. Palipobaki patupu pembeni, maneno yanakatwa, hata yakiwa matamu.

Ukaguzi huo ukiisha, simulizi ya Akhwari inabaki na shimo katikati. Aya ya pili inaishia kilomita ya 19, ya tatu inaanzia mstari wa mwisho. Kilomita 23 za kuchechemea, ambazo ndizo kisa chenyewe, hazimo. Kwa kuwa orodha ya matokeo haionyeshi alipita wapi saa ngapi, hata kasi yake baada ya kuanguka haiwezi kukokotolewa; wastani wa dakika nne na sekunde 52 kwa kilomita unachanganya mguu mzima na mguu ulioumia. Anayetaka kulijaza shimo hilo ana njia mbili tu: filamu nyingine ya barabarani, au maswali ya kina kwa walioiona njia ile, wa kwanza wao akiwa Akhwari mwenyewe.