Wapendanao na Bikari

John Donne, mshairi wa Kiingereza, katika shairi la kumuaga mpenziwe lililochapwa mwaka 1633, miaka miwili baada ya kufa kwake, amewafananisha wapendanao na bikari. Mguu mmoja, ndiye mpenzi abakiye, wakaa katikati. Wa pili ukienda mbali, ule wa kwanza huinama kuuelekea, nao urejeapo husimama wima. Hapo msomaji na aangalie: mguu uchorao duara haukikaribii kamwe kitovu chake, kurudi nyumbani ni kuifunga bikari. Basi mshairi ametumia miendo miwili. Kufunga kwaonyesha hamu ya kukutana. Duara, alilolimalizia shairi, laonyesha uthabiti wa abakiye unaomrejesha msafiri alipoanzia. Asiyeitenga miendo hiyo atadhani mfano umevunjika.