Keki ya Ghorofa Tatu Husomwa Ubavuni

Anayejua keki hatazami maua kwanza. Huinama hadi macho yake yawe usawa wa keki, akafuatisha ubavu wa kila ghorofa kutoka juu mpaka chini. Akiona ubavu umefanya kitambi, au mstari hafifu umeizunguka keki nzima kwenye usawa wa krimu ya katikati, anajua ratiba ilibanwa. Maua yanaweza kuficha mkono mbovu wa kupaka. Saa zilizokosekana hayawezi kuzificha.

Tuchukue harusi ya Jumamosi jioni, Kinjumbi, wilayani Kilwa. Keki ni ya mviringo, ghorofa tatu za inchi 10, 8 na 6, kila moja ikiwa na kimo cha inchi 4 hivi. Vipande vya harusi vikikatwa vidogo, vinatosha watu 70 na ushei. Harusi za pwani huzidi hapo kirahisi, ndiyo maana mwokaji mwenye akili huoka na keki ya sinia pembeni ya kukatiwa jikoni, badala ya kuongeza ghorofa ya nne. Keki inatakiwa ukumbini saa 10 alasiri. Ratiba hupangwa kuanzia saa hiyo kurudi nyuma, na swali la kwanza ni friji. Ghorofa ya chini hukaa juu ya bao la inchi 12, yaani sentimita 30, na friji nyingi za nyumbani zina rafu fupi kuliko mtu anavyodhani. Pima rafu kabla ya kupokea oda.

Alhamisi ni ya kuoka tu. Kuanza saa 12 asubuhi si ushabiki: siagi hupigwa na sukari ikiwa laini lakini bado na ubaridi, na adhuhuri ya huku siagi imeshakuwa mafuta. Gesi ya Songo Songo inapita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam tangu 2004, lakini waokaji wengi wa vijijini Kilwa bado wanapalia makaa. Hakuna aibu hapo, mradi makaa ya juu na ya chini yasizidiane. Ukiona keki imepanda kilima katikati na kupasuka, moto ulikuwa mkali mno: kingo zimeganda mapema na katikati ikaendelea kusukuma. Usichanganye unga wote kwa mkupuo mmoja ikiwa jiko linabeba bati moja. Bekingi pauda huanza kazi ikilowa, na mchanganyiko uliosubiri zamu ya tatu hutoa keki fupi na nzito. Changanya kwa awamu, ghorofa kwa ghorofa.

Keki ikitoka jikoni huachwa ndani ya bati dakika kama kumi, kisha hupinduliwa kwenye wavu ipoe kabisa. Kabisa maana yake ukiweka kiganja chini yake husikii hata uvuguvugu. Ikifungwa plastiki ikiwa ya moto, mvuke hurudi juu ya keki, ngozi inanata, na kwa joto letu ukungu hauko mbali. Ikipoa, ifunge vizuri ilale kwenye friji. Keki iliyolala hukatika kwa mstari safi, ya siku hiyohiyo humomonyoka. Jioni hiyo pia andaa krimu ya siagi. Siagi tupu hulegea kabla joto halijafika nyuzi 30, kwa hiyo pwani nusu yake hubadilishwa kwa mafuta magumu ya mboga. Walaji wa mjini watalalamika kidogo kuhusu ladha, na wana haki, lakini keki iliyosimama ina ladha zaidi ya iliyomwagika mezani.

Ijumaa ndiyo siku ambayo waokaji wengi huiibia, na hapo ndipo kitambi kinapozaliwa. Asubuhi, kabla ya sala, kila keki husawazishwa juu kwa kisu cha meno, hukatwa tabaka, hupakwa shira nyepesi, kisha hujazwa. Ukitumia jamu ya embe au nanasi, kwanza zungushia ukingo wa krimu ngumu pembezoni mwa tabaka, ndipo jamu ikae ndani yake. Bila ukingo huo, uzito wa tabaka za juu huisukuma jamu nje. Krimu ya maziwa iache kabisa kwa kazi hii, maana keki itakaa saa kadhaa nje ya friji kwenye joto, na hiyo haivumilii.

Sasa inakuja kazi ya kutofanya kitu. Keki iliyojazwa hushuka. Hewa iliyonaswa kati ya tabaka inatafuta njia, krimu inajipanga, tabaka zinakaa. Weka sahani nyepesi juu, uiache saa sita au saba bila kuipamba. Ukiipaka mkono wa mwisho saa mbili baada ya kuijaza, kushuka huko kutafanyika chini ya aisingi: ubavu utasukumwa nje, na pengine kipovu kitafura na kupasua juu. Ikishuka kwanza, unakata kilichojitokeza kwa kisu na hakuna anayejua. Jioni, jua likishapoa, paka mkono wa kwanza, mwembamba, wa kuzuia makombo. Iingie friji usiku kucha. Umeme ukikatika usifungue mlango kuangalia, maana friji iliyofungwa hubaki na ubaridi saa kama nne.

Jumamosi asubuhi hupakwa mkono wa pili na mapambo. Kisha nguzo: tano kwenye ghorofa ya chini, nne kwenye ya kati, zote za ghorofa moja zikiwa za urefu mmoja na zikiishia usawa wa aisingi. Kila ghorofa ya juu hukaa kwenye bao lake, na bao ndilo linalobebwa na nguzo. Nguzo moja ikizidi kwa milimita mbili tatu, utaona upenyo upande mmoja na keki imeinama. Ikipungua, uzito unaikalia keki ya chini, nayo itapasuka juu.

Saa 8 mchana ghorofa zinaondoka zikiwa tatu tofauti, kila moja kwenye boksi lake, zimewekwa sakafuni mwa gari. Kiti cha gari kina mteremko. Kwenye barabara ya vumbi keki iliyokwisha kupangwa ni kamari. Maboksi yasifunguliwe mara yanapofika. Keki baridi ikikutana na hewa ya pwani hutoka jasho, na rangi za mapambo huchuruzika. Subiri karibu nusu saa, jasho likae kwenye boksi, ndipo uzipandishe. Maua mabichi, yasmini au waridi, yaje mwisho, na vikonyo vyake vifungwe visiguse keki.

Mkaguzi bado ana nafasi ya pili, wakati wa kukata. Tabaka ziwe za unene mmoja. Chini kusiwe na mstari mbichi unaonata, dalili ya moto wa chini uliofifia. Krimu iwe imesimama lakini laini, maana keki iliyotoka friji muda si mrefu huwa ngumu mdomoni hata kama imeokwa vizuri. Kata kuanzia ghorofa ya juu kwenda chini, na kila unapotoa bao, ng'oa nguzo zilizo chini yake kabla kisu hakijaingia. Zilizoingia ni tisa, na zitoke tisa kabla sahani ya kwanza haijaenda kwa wageni.