Safu mbili tu: kubadili bajeti za Likoni bila kugusa za Kisauni

Mtu akipakua kampeni zote za duka kutoka Google Ads Editor hadi jedwali, anachopata ni picha ya mipangilio ilivyokuwa saa ile. Picha hiyo ina bajeti, hali ya kampeni, mbinu ya zabuni, lugha, maeneo na kadhalika. Akibadili kisanduku kimoja kisha akairudisha yote, anakuwa amesema neno juu ya kila kisanduku kilichomo, hata vile ambavyo hakuviangalia. Hoja yangu ni kwamba usalama wa kazi hii uko katika upana wa faili: irudi ikiwa na jina la kampeni na safu inayobadilika, basi.

Tuchukue mfano wa duka la gesi ya kupikia lenye matawi Likoni, Kisauni na Changamwe, kila tawi na kampeni nne. Mwenye duka anataka bajeti za Likoni zipande kutoka shilingi 500 kwa siku hadi 800. Jumatatu jedwali zima linapakuliwa. Jumanne mwenzake ofisini anaingia kwa simu na kupandisha kampeni moja ya Changamwe kutoka 700 hadi 1,500. Jumatano jedwali la Jumatatu linarudishwa. Hapa pana jambo linalowapita wengi. Ikiwa Editor haijasasishwa, nakala yake bado inasema 700, faili nayo inasema 700, kwa hiyo haioni tofauti na Changamwe inabaki salama kwa bahati tu. Ikiwa imesasishwa kwa `Get recent changes`, kama inavyotakiwa, nakala yake inasema 1,500 na faili inasema 700, hivyo inapendekeza kuishusha. Kusasisha ni lazima, lakini kunalinda tu pale ambapo faili yenyewe haijabeba habari za juzi. Faili ya kazi hii ingetosha kuwa hivi, na mistari minne ya Likoni pekee:

```
Campaign,Budget
Gesi_Likoni_Mitungi,800
Gesi_Likoni_Kujaza,800
Gesi_Likoni_Majiko,800
Gesi_Likoni_Hoteli,800
```

Changamwe haimo, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuishusha. Tena hakuna nafasi ya kosa la kutafuta na kubadilisha: ukiliambia jedwali zima 500 iwe 800, kampeni za Kisauni zenye 500 nazo zitapanda, na 1500 yoyote itakuwa 1800, kwa sababu tarakimu 500 zimo ndani yake.

Majina ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Editor hutambua kampeni katika faili kwa jina. Tuseme neno Likoni linabadilishwa kuwa Likoni Feri katika jedwali zima, safu ya majina ikiwemo. Editor haitaona kampeni iliyopewa jina jipya. Itaona kampeni ambayo haijawahi kuwepo na itapendekeza kuiunda. Faili pana humpa pacha huyo kila anachohitaji ili aende hewani: bajeti yake, hali yake ya kuwaka, zabuni yake, hata matangazo yake. Kampeni za zamani zinaendelea kuwaka pembeni. Na kama mistari ya maeneo ilifutwa njiani ikidhaniwa takataka, pacha hana mipaka, na tangazo la mtungi wa Likoni linaruhusiwa kuonekana dunia nzima, wakati tawi lenyewe halipeleki mzigo hata ng'ambo ya kivuko. Kubadili jina kufanywe ndani ya Editor yenyewe, ambako programu inajua kampeni ni ile ile.

Wapo watakaosema kuwa Editor huonyesha mabadiliko yote kabla ya kubonyeza `Post`, basi tahadhari ya nini? Kweli huonyesha, na ukaguzi huo usirukwe. Lakini faili ya mistari minne unaweza kuihesabu: hariri nne, mpya sifuri. Ukiona hata moja mpya, jina limekosewa, simama hapo. Faili ya mistari mia sita ikileta hariri tisini, jicho litapitia kumi za kwanza na kuziamini zilizobaki. Wengine watasema kuna historia ya mabadiliko, unarudisha tu. Mipangilio inarudi; fedha iliyokwisha kutumika hairudi, na Google huruhusu kampeni kutumia kwa siku moja hadi mara mbili ya bajeti yake ya wastani.

Faili nyembamba ina udhaifu wake: haifai kujenga kampeni mpya, ambako safu nyingi ni za lazima. Hizo zipakiwe peke yake, hali ikiwa `Paused`, zikaguliwe eneo na bajeti moja moja, ndipo ziwashwe kwa faili ya pili yenye safu mbili, jina na hali.