Ndovu Hakununua Ploti

Hadithi ya Jomo Kenyatta ya mtu na ndovu, iliyomo katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wakikuyu, ni fupi, na wanafunzi huiharakisha kwenye insha. Ndovu ni Mzungu, mtu ni Mkikuyu, basi. Hebu ngoja.

Mvua inanyesha, ndovu anaomba kuingiza mkonga tu, na mwishowe mwenye kibanda yuko nje. Lakini uzito uko kwenye tume ya mfalme simba: kifaru, nyati, mamba, mbweha mwenyekiti, chui katibu. Binadamu hayumo hata mmoja. Hapo wanyama si Wazungu fulani fulani, ni vyeo. Mlengwa ni Tume ya Ardhi ya Carter, 1932 hadi 1934, nayo haikuwa na mjumbe Mwafrika.

Sasa, ukiisomea Kitengela unashawishika kuandika kwamba mtu ni Mmaasai na ndovu ni mgeni aliyekuja kujenga. Ina mvuto, maana fensi zimekula malisho kwelikweli. Ila ndovu hakununua chochote. Kitengela ranchi ya pamoja iligawanywa, hati zikatoka, ploti zikauzwa, na hadithi haina muuzaji wala dalali. Kwa Kajiado, inayolingana zaidi ni mikataba ya 1904 na 1911, iliyowatoa Wamaasai Bonde la Ufa, kisha Laikipia, wakasukumwa kusini.

Ukimtaka ndovu wa leo, mtumie, lakini onyesha ni wapi anaacha kufanana. Aya hiyo ndiyo ningeipa alama.