Vina vya Macho

Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na kizazi baada ya kizazi cha washairi kimejifunza kuhesabu mizani kwa kitabu hicho. Anayegeuza shairi kuwa filamu ya katuni naye huishi kwa kuhesabu. Mshairi huhesabu silabi, yeye huhesabu fremu. Kwa hiyo shairi la vina humfikia likiwa na mapigo yaliyokwisha kupangwa, na kazi yake ni kuamua macho yafanye nini wakati masikio yanayafuata.

Hapa Isikizya, kaskazini ya mji wa Tabora, nimetunga ubeti wa mpagazi wa Kinyamwezi wa enzi za misafara, nikauchora mwenyewe:

Nimebeba nzito pembe, mwendo mrefu wa pwani,
Kwetu kule Unyanyembe, nimemwacha mama ndani,
Chakula changu ni embe, kokwa naacha njiani,
Nitarudi lini tembe, mzigo ushuke chini?

Njia nyepesi inajionyesha yenyewe: sauti ikitamka pembe, chora pembe, ikitamka mama, chora mama mlangoni. Katuni nyingi za mashairi hufanywa hivyo, na kasoro yake hujulikana kwa jaribio dogo. Zima sauti, mwoneshe mtu picha peke yake, kisha mwombe asimulie alichoona. Akikusimulia shairi lote, picha zako zimekariri tu, na atakayeona na kusikia kwa pamoja atapewa kila kitu mara mbili. Picha inayofaa humwachia mtu huyo hadithi yenye pengo, na pengo hilo ndilo mahali pa maneno.

Basi pembe yangu haionekani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia kilo 30, na uzito wa namna hiyo huandikwa mwilini mwa aliyeubeba. Fremu imekatwa juu ya bega, na tunaona shingo iliyoinama na mgongo uliopinda. Mpindo ule nimeuchora kwa mstari uleule ambao ningeuchorea pembe ya ndovu. Shairi linasema mtu amebeba pembe. Picha inasema pembe imemfinyanga mtu ikamfananisha nayo. Pembe yenyewe nimeipeleka kwenye sauti. Wapagazi walikuwa wakifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ya pembe, na mlio wake ulitangulia msafara. Kengele inasikika kabla mghani hajafungua kinywa.

Mstari huo uliopinda ndio moyo wa kazi yote. Ukitazama vina vya kati utaona shairi limeunga undugu wa ajabu: pembe, Unyanyembe, embe, tembe. Biashara, nchi, tunda na nyumba vimefungwa kwa silabi moja. Msikilizaji huuhisi undugu huo bila kuambiwa, na mchoraji akiuacha upite atakuwa amepoteza jambo bora ambalo mtunzi alimpa. Nami nikatafuta kina cha macho. Mpindo wa mgongo wa mpagazi unarudi katika mshororo wa pili ukiwa mgongo wa mama aliyeinamia jiwe la kusagia. Katika wa tatu unakuwa ubavu wa kokwa la embe. Umbo ni lilelile, mahali palepale kwenye skrini. Lazima liwe palepale, kwa sababu jicho halikumbuki umbo lililohamishwa kama sikio linavyokumbuka silabi. Likisogea hata robo ya skrini, mtazamaji huona vitu vitatu tofauti na kina kimekufa.

Mshororo wa nne ulidai kitu kingine. Tembe ni nyumba ya kuta za udongo na paa la bapa. Anayetaka kuiona kwa macho yake aende Kwihara, jirani na mji wa Tabora, palipo jumba la makumbusho la tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Katika filamu nzima sikuchora mstari ulionyooka mpaka neno tembe litamkwe. Hapo paa linapita skrini yote kwa mlalo, na ule mpindo uliotufuata mishororo mitatu unalala juu yake na kunyooka. Mzigo umeshuka, lakini kwenye picha tu, maana maneno bado yanauliza lini.

Sasa hesabu. Mghani wa polepole huchukua kama sekunde 6 kwa mshororo wenye mizani 16. Kwa fremu 24 kila sekunde hizo ni fremu 144, na ubeti mzima ni 576. Kila mchoro ukikaa fremu mbili, kama tufanyavyo wengi kuokoa mkono, unahitaji michoro 288. Hesabu ya karatasi ingeweka kina cha kati kwenye fremu ya 72, lakini mghani wa kweli huvuta sauti kwenye kina, kisha hupumua, na kina huangukia anapotaka yeye. Ndiyo sababu sauti hurekodiwa kwanza, na kila kina hutiwa alama kwa kusikiliza, kabla ya kuchora lolote. Aliyechora kwanza akamwomba mghani afuate picha atapata ghani iliyokatwa pumzi.

Pumzi ile baada ya kina cha kati ni mali. Kitu kikienda kwa nguvu wakati neno linatamkwa, jicho huliibia sikio na neno hupotea. Kwa hiyo picha zangu hutulia maneno yanapopita, na mageuzi makubwa hufanyika katika pumzi: mgongo unakuwa mgongo mwingine, mgongo unakuwa kokwa. Nikibanwa na pumzi fupi, huongeza fremu 12 za ukimya kwenye sauti. Nusu sekunde haiharibu ghani, na mara nyingi huipa heshima.

Kokwa lilinipa taabu kuliko yote. Mpagazi analiacha njiani na shairi linalisahau. Mimi sikutaka kulisahau, kwa kuwa miembe mikubwa ya njia ya zamani ya misafara huhesabiwa kuwa alama ya waliopita. Lakini mwembe wa kokwa huchukua miaka kuzaa, na mtu yuko hatua tatu mbele. Nilipoukuza mti nyuma yake akiwa bado anatembea, ulionekana kama uchawi. Dawa ilikuwa mwelekeo. Kwenye ramani pwani iko mashariki, hivyo mpagazi hutembea kutoka kushoto kwenda kulia tangu fremu ya kwanza. Swali la Nitarudi lini linapoanza, yeye anaendelea kulia mpaka anatoka kwenye fremu, na kamera ndiyo inayogeuka kushoto. Kwa kuwa inarudi bila yeye, mtazamaji anakubali mara moja kwamba muda umepita. Kila kokwa aliloacha sasa ni mwembe, mkubwa zaidi kadiri tunavyokaribia Unyanyembe, kwani alilolidondosha karibu na kwao ndilo la zamani zaidi. Miti inafika tembe kabla ya mwenyewe.

Mchoro wa mwisho hauna mpagazi. Kengele nimeikata fremu 24 kabla ya kina cha mwisho, ili neno chini litamkwe bila kitu chochote kulisindikiza, na baada yake paa linabaki kwenye skrini kwa sekunde 2 kamili. Nilijaribu moja, watazamaji wakadhani filamu imekatika. Nilijaribu tatu, wakaanza kusubiri arudi.