Kichwa cha Tangazo la Laptopu: Sifa au Manufaa?

Nje ya duka moja la kompyuta hapa Waithaka, hatua chache kutoka stejini, palikuwa na ubao wa chaki: "HP EliteBook 840 G3, Core i5, 8GB RAM, 256GB SSD." Ni mashine iliyotumika ng'ambo, bei yake ya kadiri. Mwenye duka aliniomba nimwandikie kichwa kingine kwa kuwa watu walisoma wakapita. Nikakaa naye asubuhi nzima. Mama mmoja, bintiye akiwa anajiandaa kuingia chuo, alisimama akatazama ubao, kisha akamuuliza mwenye duka, "Kijana wangu, hii itamfanyia mtoto nini?"

Ubao ulikuwa umeorodhesha sifa za mashine, na mama alikuwa akitafuta manufaa yake. Kwa mpita njia kama yeye, manufaa ndiyo yatangulie. Lakini ukiichukua laptopu hiyohiyo ukaitangaza Jiji, mambo yanageuka. Huko mnunuzi ameandika jina la modeli kwenye kisanduku cha kutafutia, na sasa anapima mashine kumi zinazofanana. Anataka kuona "840 G3" na "8GB" papo hapo. Kichwa kinachoanza na "Maliza kazi zako za chuo bila wasiwasi" hakimpi cha kulinganisha, na kwenye simu sehemu ya mwisho ya kichwa kirefu hukatwa. Kwa hiyo kabla ya kukihukumu kichwa, uliza anayekisoma anajua nini tayari.

Manufaa nayo yana ubora wake, na hapa ndipo waandishi wengi huteleza. Mimi hukihamisha kichwa: nakibandika kwenye bidhaa nyingine. "Rahisisha maisha yako" kinakaa vizuri kabisa juu ya jiko la gesi, basi hakijasema lolote kuhusu laptopu. "Inawaka kabla maji ya chai hayajachemka" kina uhai zaidi, lakini hata laptopu ya zamani yenye diski ya kuzunguka huwahi chai, ingawa huchukua dakika nzima au zaidi. Manufaa mazuri yanashikiliwa na sifa fulani ya mashine hiyo, na mwandishi anaweza kukuonyesha ni ipi.

Mwenye duka alitaka tuandike "Betri ya siku nzima." Nikamwambia tupime kwanza. Kwenye Windows unaandika amri hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Ripoti inayotokea ina mistari miwili ya kutazamwa. DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na kwa mashine ile ilisoma 46,500 mWh. FULL CHARGE CAPACITY ni inachobeba leo: 31,000, yaani thuluthi mbili. Kwa kuandika na kusoma, mwangaza wa skrini ukiwa wa wastani, tulikadiria mashine inakula wati 8 hivi. Gawanya 31 kwa 8, unapata karibu saa nne. Ukiingia darasa la video matumizi yanaweza kupanda mara mbili, na muda ukapungua nusu. Nikaandika: "Stima ikipotea, una saa 3 za kuandika." Nilishusha hesabu kwa makusudi, maana betri huendelea kuchoka baada ya mashine kuuzwa. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kudai bidhaa ina manufaa ambayo haina. "Siku nzima" ingekuwa dai la namna hiyo.

Usidhani basi kwamba sifa haidanganyi. Duka lilikuwa na ubao wa pili ulioitangaza mashine hiyohiyo kwa neno "Windows 11," na kweli ndiyo iliyokuwa kwenye skrini. Ila 840 G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, nayo orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika kwa Windows 11 huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8. Mtu alikuwa ameipitisha kwa mlango wa nyuma. Na Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo neno hilo lina uzito kwa mnunuzi. Tulilifuta, tukaandika "kizazi cha 6" bila kuficha, chini ya kichwa.

Ubao ukabaki hivi: manufaa juu kwa herufi kubwa, modeli na namba chini kwa herufi ndogo, kisha bei. Mwanafunzi anayejua anachotaka anashusha macho, na mama anaanzia juu.

Wiki iliyofuata mashine ile iliuzwa, ikaja nyingine ya modeli ileile. Namba za chini hazikuhitaji kuguswa. Ripoti ya betri, hata hivyo, ilisoma 22,000. Nikaifuta 3 kwa kidole, nikaandika 2.