Mfuko wa Saruji, Hesabu Mbili

Masasi na Newala zilijengewa viwanda vya kubangua korosho zamani, na leo wapo wabanguaji wadogo wanaoanza upya. Tuseme kikundi kimoja cha Newala kimenunua mashine ya shilingi 40,000,000. Lori limeileta kutoka Dar es Salaam kupitia Masasi, likapanda mlima hadi juu ya uwanda. Usafiri umekula 2,000,000, zege la kuisimamishia 1,500,000, na fundi wa kuifunga, kuvuta umeme na kuijaribu 2,500,000.

Karani aliandika hizo 6,000,000 zote kwenye matengenezo, na mwisho wa mwaka faida ikasoma 9,000,000.

Mhasibu mzuri haanzi na kikokotoo. Anapitisha kidole kwenye leja, anafika matengenezo ya mwezi wa kwanza, anasimama. Mashine mpya imetengenezwa nini wakati haijabangua hata korosho moja? Hapo ndipo napenda kazi hii. Anaitisha risiti, na kila moja anaiuliza: bila wewe, mashine ingeweza kusimama hapa na kuanza kazi? Mfuko wa saruji ulioingia kwenye zege la mashine ni matumizi ya mtaji. Mfuko mwingine wa duka lilelile, bei ileile, ulioziba nyufa za sakafu ya zamani, ni matumizi ya mwaka. Mafunzo ya wabanguaji nayo, ingawa bila hayo mashine ingekaa bure, hubaki matumizi ya mwaka: mtu aliyefundishwa anaweza kuhamia Tandahimba kesho na ujuzi wake.

Kusahihisha ni mistari michache ya jonali. Debiti Mashine 6,000,000, krediti Matengenezo 6,000,000. Wengi hukomea hapo, wakatangaza faida ya 15,000,000, na wanakuwa wamekosea kwa upande wa pili. Mashine sasa imegharimu 46,000,000. Ikiwa imeanza kazi mwanzoni mwa mwaka na itadumu miaka 10 kwa mafungu sawa, uchakavu wa mwaka ni 4,600,000, na vitabu vina 4,000,000 tu. Debiti Uchakavu 600,000, krediti Limbikizo la Uchakavu 600,000. Faida sahihi ni 14,400,000. Kama vitabu vya mwaka huo vimeshafungwa, marekebisho hayapiti kwenye faida ya mwaka mpya. Yanarekebisha faida limbikizi ya mwanzo.

Wanachama wakisikia faida imeongezeka kwa 5,400,000 watadai mgawo. Fedha hizo hazipo benki. Zilishalipwa kwa mwenye lori na fundi, na nyingine zimo kwenye zege. Waelezwe pia kwamba kila mwaka kati ya 9 inayofuata utabeba 600,000 zake.

Risiti za lori, zege na fundi zitolewe kwenye jalada la matengenezo, ziwekwe pamoja na ankara ya mashine.